Riwaya ya taharuki kwa wakati uliopo: -na- inapombana msomaji na inapomchosha

*Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya ya taharuki inayoanza saa mbili usiku Kariakoo na kwisha alfajiri Kigamboni. Msichana anawindwa kwa sababu ya mkoba aliopewa, na kuna mpelelezi anayefuatilia kesi hiyo hiyo kwa upande wake. Sura nne za mwanzo nimeziandika zote kwa wakati uliopo, "anakimbia, anajificha", ili msomaji apate presha. Wasomaji wangu wawili wamesema imewashika, wa tatu kasema kachoka mapema akaiweka chini. Niendelee hivi au nirudi kwenye "alikimbia, akajificha"?*

Marahaba. Sura za msichana ziache kwenye wakati uliopo. Za mpelelezi zirudishe kwenye wakati uliopita. Ila kabla hujagusa neno lolote, mrudie huyo msomaji wa tatu umwombe akuonyeshe ukurasa alioachia. Kama aliachia katikati ya mbio, tatizo ni namna ulivyopanga vitenzi. Kama aliachia mahali ambapo mambo yametulia, wakati uliopo haukuwa na kazi pale tangu mwanzo. Tiba za matatizo hayo mawili ni tofauti, na mwandishi asiyejua anaumwa lipi huishia kubadilisha riwaya nzima bila sababu.

Wengi huchagua -na- wakidhani inaongeza kasi. Kwa Kiswahili kasi tunayo tayari, na imo kwenye wakati uliopita. "Aliruka ukuta, akaanguka, akainuka, akatokomea gizani" ni sentensi inayokwenda kama umeme, kwa sababu -ka- inakibeba kila kitendo na kukikabidhi kwa kinachofuata, na msomaji hapotei hata mara moja kuhusu kipi kilitangulia. Ukiandika "Anaruka ukuta, anaanguka, anainuka, anatokomea gizani", hujaongeza mwendo. Pengine umeupunguza, maana sasa vitendo vinne vimesimama kila kimoja peke yake.

Unachokipata kwa -na- ni kitu kingine: kutojua mwisho. Msimulizi wa "aliruka" amekwisha kuyaona yote na ndiyo maana anaweza kuyasimulia. Msikilizaji anajua kwamba kuna mtu aliyefika salama upande wa pili wa mambo haya. Msimulizi wa "anaruka" hajui zaidi ya anachokijua msomaji. Basi jiulize kwa kila onyesho: je, hofu ya hapa inatokana na kutojua sekunde inayofuata italeta nini? Kama ndiyo, -na- ina kazi. Kama unachotaka ni mambo yaende haraka tu, iachie -ka- kazi yake.

Tulitazame hili kwa onyesho moja, la aina ile ninayodhani unayo kwenye sura za Feri. Kwanza kwa wakati uliopita:

"Zuhura alishuka kwenye bodaboda, akamlipa dereva, akaingia kwenye foleni ya pantoni. Alipogeuka alimwona yule mtu wa kofia nyeusi. Alikuwa amesimama kando ya muuza karanga na alikuwa hajamwona. Zuhura akainama, akavua mtandio, akausukumiza ndani ya mkoba. Geti likafunguliwa, watu wakaanza kusukumana."

Hakuna ubaya hapo. Ni usimulizi safi. Sasa hivi ndivyo waandishi wengi wanavyouhamisha kwenda wakati uliopo:

"Zuhura anashuka kwenye bodaboda. Anamlipa dereva. Anaingia kwenye foleni ya pantoni. Anageuka na anamwona yule mtu wa kofia nyeusi. Mtu huyo anasimama kando ya muuza karanga. Hamwoni. Zuhura anainama. Anavua mtandio. Anausukumiza ndani ya mkoba. Geti linafunguliwa. Watu wanaanza kusukumana."

Sentensi 11, vitenzi vya -na- 11. Isome kwa sauti utasikia sikio linavyopigwa na "ana, ana, ana" bila kupumzika. Kwa Kiswahili hili ni zito kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu alama ya wakati inakaa mbele ya kitenzi, na mtendaji akiwa ni yule yule kila sentensi inaanza kwa sauti ile ile. Matokeo yake onyesho linasomeka kama maelezo ya jukwaani kwenye tamthilia. Nadhani hapa ndipo msomaji wako wa tatu alipochokea.

Lipo na kosa la maana ndani yake. "Anasimama kando ya muuza karanga" haisemi kwamba mtu huyo yuko pale wima. Inasema kwamba alikuwa anatembea na sasa anasita, au alikuwa amekaa na sasa anainuka. Vitenzi vya hali kama simama, kaa, lala, vaa, shika, nyamaza, inama na chuchumaa vinataka -me- pale hali yenyewe ikiwa inaendelea: amesimama, amekaa, amevaa, ameshika bastola. "Anavaa kofia nyeusi" ni mtu anayeiweka kichwani sasa hivi, au mwenye desturi ya kuivaa. Ukichanganya haya kwenye riwaya ya taharuki unampotosha msomaji palepale ambapo anahitaji kujua nani yuko wapi na ana nini mkononi.

Sasa onyesho lile lile kwa wakati uliopo uliopangwa:

"Zuhura ameshamlipa dereva wa bodaboda na kuingia kwenye foleni ya pantoni anapogeuka. Yule mtu wa kofia nyeusi yupo. Amesimama kando ya muuza karanga, mkono mmoja mfukoni, macho upande wa soko la samaki. Hajamwona. Zuhura anainama kana kwamba kamba ya kiatu imefunguka, anavua mtandio na kuusukumiza ndani ya mkoba. Karanga zinapimwa, zinamiminwa kwenye karatasi. Bado hajageuka. Geti linafunguliwa, watu wote mbele, na kofia nyeusi haipo tena pale ilipokuwa."

Vitenzi vya -na- vimebaki 6, lakini hakuna anayeweza kusema hii si wakati uliopo. Kiswahili kina njia nyingi za kusema "sasa" bila -na-, na hizo ndizo zinazompa msomaji nafasi ya kupumua: yupo, yumo, hayupo, ni, ana mkono mmoja mfukoni, amesimama. Nyingine ni sentensi isiyo na kitenzi kabisa, kama "watu wote mbele". Mambo madogo ya mwanzo, yaani kushuka, kulipa na kuingia foleni, hayana hofu yoyote ndani yake, kwa hiyo yamefungwa kwa "ameshamlipa" na kupita. -na- imehifadhiwa kwa vitu ambavyo mwisho wake haujulikani: anainama, anavua, karanga zinapimwa.

Katika kifungu hicho kinachobana zaidi ni "hajamwona" na "bado hajageuka". Kiambishi -ja- ndicho silaha kubwa ya mwandishi wa taharuki kwa Kiswahili, kwa sababu kinakanusha huku kikiahidi. "Hamwoni" ni taarifa. "Hajamwona" inamwambia msomaji kwamba atamwona, suala ni lini. Kwenye wakati uliopita unalazimika kuandika "alikuwa hajamwona", maneno mawili badala ya moja, na makali yanapungua. Ukiamua kubaki kwenye wakati uliopo, hii ni sababu tosha peke yake. Itumie, lakini mara moja au mbili kwa onyesho. "Hajafika, hajapiga simu, hajajibu, hajalala" zikifuatana zinakuwa wimbo.

Kuna mitego miwili ya kuunganisha vitendo. Ukishaikimbia "ana, ana, ana", mkono unakwenda wenyewe kwenye -ka- au -ki-. "Anafungua droo akatoa bastola" utaisikia mitaani na inaeleweka, lakini kwenye maandishi -ka- inamvuta msomaji nyuma kwenye yaliyopita, na kufumba na kufumbua aya nzima imekwisha kuwa "akaangalia, akaondoka" bila wewe kujua. "Anafungua droo akitoa bastola" ni mbaya zaidi, kwa sababu -ki- inasema vitendo viwili vinakwenda pamoja, na hakuna anayetoa bastola kwenye droo ambayo bado anaifungua. Iache -ki- kwa mambo yanayokwenda sambamba kweli: "Anashuka ngazi akihesabu." Kwa yanayofuatana tumia ku-: "Anafungua droo na kutoa bastola." Usizidishe vitenzi viwili vya ku- kwa sentensi moja, la sivyo utaandika orodha.

Maonyesho ya kupigana yana shida yake. -na- haisemi kama kitendo kimekamilika. "Anaruka ukuta": yuko hewani, yuko juu ya ukuta, au ameshatua? Kwa sekunde moja utata huo ni mtamu. Kwa aya nzima ni fujo, hasa watu wakiwa wawili na wote ni "a-": "Anampiga teke. Anaanguka. Anamkaba." Nani kaanguka? Nani kamkaba nani? Dawa ni kukianzisha kitendo kwa -na- na kukifunga kwa -me-. "Anaruka ukuta. Ametua vibaya, kifundo kimeteguka." "Teke linampata yule mwanamume tumboni. Ameanguka, lakini ameanguka na mkoba." Mtaje mtu au kiungo chake kila mtendaji anapobadilika, na kila baada ya vitendo viwili au vitatu weka -me- moja ili msomaji ajue hali imefikia wapi.

Wakati uliopo una faida nyingine, na kwa riwaya ya usiku mmoja ni kubwa: unaiachia huru -li- kwa ajili ya kumbukumbu. Msichana wako analazimika kukumbuka mkoba alipewa na nani. Ungekuwa kwenye wakati uliopita ungeandika: "Alikuwa amekabidhiwa mkoba ule na kaka yake siku iliyotangulia, huko Manzese, na alikuwa ameambiwa asiufungue." Sentensi tano za namna hiyo na msomaji analala. Ukiwa kwenye wakati uliopo unaandika: "Mkoba huu alikabidhiwa na kaka yake jana, Manzese, akaambiwa asiufungue." Yaliyopita yanapata usimulizi wake mwepesi wa -li- na -ka-, na kurudi kwenye sasa ni suala la kitenzi kimoja tu. Mbinu rejeshi haihitaji nyota tatu katikati ya ukurasa wala maandishi ya mlazo.

Angalia pia maneno madogo yaliyobadilika hapo: "ule" imekuwa "huu", "siku iliyotangulia" imekuwa "jana". Wakati uliopo unakwenda na hapa, sasa, huyu, leo, usiku huu. Ukiandika "usiku ule" katikati ya sura ya wakati uliopo umemfungulia msomaji dirisha aone kwamba kuna mtu anasimulia kutoka mbali. Ile presha uliyokuwa unaijenga inatoka hapo.

Sasa mpelelezi. Yeye anahoji watu, anapiga simu, anasubiri majibu, anapitia majina. Mambo hayo yanahitaji kufupishwa, na -na- haijui kufupisha. "Anawahoji walinzi saba" kwa wakati uliopo inamfanya msomaji asubiri kuwaona walinzi saba. "Aliwahoji walinzi saba, na mmoja tu ndiye aliyemtazama usoni" inawapitisha wote kwa sentensi moja na kumwacha yule anayefaa. Mtangazaji wa mpira redioni anaweza kutangaza dakika 90 kwa -na-, lakini hata yeye mpira ukitoka nje anageukia kusimulia mechi iliyopita. Popote unapohitaji kuruka saa, kukusanya taarifa au kueleza uchunguzi, -li- inakuhudumia vizuri zaidi.

Tena -li- inakupa kitu ambacho wakati uliopo umekunyima: kumwonya msomaji. "Hakujua kwamba mlinzi huyo asingeiona asubuhi" ni sentensi inayowezekana tu kwa msimulizi anayejua mbele. Ukiwa na sura za msichana zisizojua kitu na sura za mpelelezi zinazojua kidogo zaidi, msomaji anaanza kumwogopea msichana kwa habari alizozipata upande wa pili. Taharuki mbili tofauti kwa kitabu kimoja, na kila moja ina sarufi yake.

Badilisha wakati kwenye mpaka wa sura tu. Sura ya Zuhura yote -na-, sura ya mpelelezi yote -li-, na iwe hivyo kuanzia sura ya kwanza na ya pili, ili msomaji aijue kanuni mapema na asiifikirie tena. Kubadilisha katikati ya sura ni kazi ya msimulizi wa mdomo, yule anayesema "tukaenda, tukafika, mara anatokea jamaa ana panga". Pale sauti na uso vinamsaidia. Kwenye karatasi msomaji anadhani ni kosa la uchapaji. Ukitaka kuutumia mruko huo, mpe mhusika auseme kwenye mazungumzo yake.

Vitu viwili vidogo uvitazame unapohariri. "Alisema" msomaji haioni, inapita kama nukta. "Anasema" inaonekana kila mara, kwa hiyo ondoa zaidi ya nusu yake na umtambulishe msemaji kwa anachofanya: "'Pantoni ya mwisho?' Muuza karanga hainui macho." Pia -na- hubeba desturi: "Anakunywa kahawa saa tisa usiku" ni sasa hivi au ni kawaida yake? Kwa desturi tumia hu-, "hunywa kahawa saa tisa usiku", utata unakwisha.

Kama unaandika kwa nafsi ya kwanza, chagua kati ya "ninafungua" na "nafungua" na ushike moja. "Nafungua" ni nyepesi na ndivyo watu wa Dar wanavyosema, na kwa kitabu chenye mbio inafaa zaidi. Usiihamishie kwa nafsi ya tatu: "Zuhura afungua mlango" inasomeka kama kichwa cha habari gazetini.

Ukimaliza sura, fanya ukaguzi kwa kompyuta au simu. Tafuta nafasi tupu ikifuatiwa na "aka", kisha "ali", kisha "wali" na "waka". Ile nafasi mbele ni muhimu, la sivyo utaletewa kila "mwaka" na "paka". Baadhi ya utakavyoletewa, kama "akaunti" na "alizeti", si vitenzi, vipite. Kila kitenzi kitakachotokea kwenye sura ya -na- kiulize: ni kumbukumbu? Kama si kumbukumbu, kimeteleza. Halafu chapisha kurasa mbili za mbio, uzungushie kalamu kila sentensi inayoanza kwa Ana-, Wana- au Nina-. Tatu mfululizo zivunje, isipokuwa pale umekusudia kumpiga msomaji makofi matatu.

Limebaki la mwisho wa kitabu. Ukitaka sura fupi ya baadaye, tuseme mwezi mmoja baada ya alfajiri ile ya Kigamboni, usiiandike kwa -na- ya mbio, kwa sababu hofu imekwisha na sarufi yake imekwisha nayo. Iandike kwa -me- na hali: nani amehama, duka gani limefungwa, kovu liko wapi. Kama kuna jambo moja ambalo Zuhura bado hajaambiwa, -ja- yako iweke hapo.